Mwandikiwa na Mtoaji: Kuhusu Tokeni Inayopokelewa Huku na Kukataliwa Kule

Hivi karibuni dawati letu la istilahi lililetewa orodha ya taarifa fupi ambazo kompyuta humwonyesha mtumiaji pindi jambo linapokwama, ili zipatiwe Kiswahili chake. Nyingi hazikutusumbua. Moja tuliifasiri kwa maneno mawili tu, "hadhira batili", tukaipita upesi kwa kuwa neno hadhira lilikuwa limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya fasihi, na hatukuona sababu ya kulifikiria mara mbili.

Miezi michache baadaye tukapigiwa simu kutoka Bariadi. Ofisa mmoja wa kilimo alikuwa akitumia huduma mbili kwa utambulisho mmoja. Ya kwanza ilikuwa daftari la wakulima wa pamba, ya pili ilikuwa ya malipo ya pembejeo. Asubuhi alifungua daftari bila shida yoyote. Alipohamia kwenye malipo akakutana na maneno yetu. Kwa vile hadhira ni watu wanaosikiliza, alielewa kwamba yeye na wenzake wa ofisi ile ndio waliotajwa kuwa batili. Akabadili nywila mara tatu. Akamwandikia mkuu wake barua akiomba arudishiwe haki aliyodhani amenyang'anywa. Siku mbili zilipotea, na wakulima waliokuwa wakingojea majina yao yapitishwe wakarudi vijijini mikono mitupu. Wala nywila haikuwa na kosa, wala haki yake haikuguswa. Kilichokataliwa ni tokeni aliyoibeba, na ilikataliwa kwa sababu ilikuwa imeandikiwa huduma nyingine.

Kwa kuwa sehemu ya kosa hilo ni yetu, tumeonelea yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyo kabla ya kupendekeza maneno mapya. Mfasiri asiyejua kitu kinavyotenda kazi hana budi kukisia, nasi tulikisia.

Neno tokeni halihitaji kuletwa kwa msomaji wa Tanzania. Kila aliyenunua umeme wa LUKU ameishika: ni ule mfululizo wa tarakimu 20 unaobonyezwa kwenye mita. Tena kila mnunuzi anajua kwamba tokeni iliyonunuliwa kwa namba ya mita ya jirani haikubaliwi na mita yake, hata kama fedha zimelipwa na tarakimu zote zimebonyezwa sawasawa. Basi hapo tayari tunalo wazo zima la makala haya: kitu halali, kilichotolewa na mwenye mamlaka ya kukitoa, kinakataliwa kwa sababu hakikukusudiwa pale kilipopelekwa.

Lakini mfano huu una mpaka, na mpaka wenyewe ndio unaofunza. Katika tokeni ya umeme, namba ya mita haikuandikwa mahali popote ndani ya zile tarakimu 20. Mita hufungua fumbo la tarakimu kwa ufunguo wake yenyewe, ambao hutengenezwa pamoja na mambo mengine kutokana na namba yake. Ufunguo usipofaa, mita huona tarakimu zisizo na maana na kuzikataa. Haiwezi kusema, "wewe ni wa jirani." Tokeni ya huduma za mtandao imejengwa kwa namna nyingine: inasema waziwazi imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Tena tokeni ya umeme hutumika mara moja tu, ilhali hii nyingine huonyeshwa tena na tena hadi muda wake utakapokwisha. Kwa sababu hizo inafanana zaidi na barua.

Mwananchi wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Itilima anaomba barua ya utambulisho kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Barua inaandikwa, inatiwa saini, inapigwa muhuri. Juu yake kuna anwani ya ofisi iliyoitoa, na chini ya hapo imeandikwa anayepelekewa: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Itilima. Mwananchi akiifikisha Lagangabilili, barua inapokelewa. Akiipeleka Maswa, karani wa masijala ataitazama, ataona muhuri ni wa kweli na saini ni ya kweli, kisha atamrudishia: "Ndugu, barua hii haikuandikiwa sisi." Karani huyo hakusema kwamba barua ni ya kughushi, wala kwamba mwananchi ni mwongo.

Sasa tuiangalie tokeni yenyewe. Aina inayotumika kwa wingi ilielezwa katika waraka wa kanuni uitwao RFC 7519, uliotolewa Mei 2015. Ina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta: ya kwanza inataja namna ya saini, ya kati ina maelezo, ya tatu ni saini. Sehemu ya kati ikifunuliwa huonekana hivi (majina yote tumeyatunga kwa ajili ya mfano):

```json
{
  "iss": "https://idhini.example/simiyu",
  "sub": "ofisa-0417",
  "aud": "https://daftari.example",
  "exp": 1767603600
}
```

Kila mstari ni tamko moja. `iss` inamtaja aliyetoa tokeni. `sub` inamtaja mtu ambaye tokeni inamhusu, yaani ofisa wetu. `aud` inamtaja anayepelekewa, na hapa ni daftari la wakulima peke yake. `exp` ni mwisho wa kutumika, ukihesabiwa kwa sekunde tangu kuanza kwa mwaka 1970 kwa saa za dunia. Namba tuliyoiandika ni saa 6:00 mchana kwa saa za Bariadi, tarehe 5 Januari 2026.

Tuifuate tokeni hii katika safari yake. Ofisa anaingia kwa nywila kwenye huduma ya idhini, nayo inampa tokeni. Kompyuta yake inaipeleka kwenye daftari. Daftari linafanya ukaguzi: je, saini inalingana na ufunguo wa wazi wa mtoaji tunayemwamini? Je, jina lililo kwenye `iss` ni lilelile tulilonalo? Je, jina letu limo kwenye `aud`? Je, muda haujapita? Majibu yote ni ndiyo, na ukurasa unafunguka. Kisha tokeni ileile inapelekwa kwenye huduma ya malipo, ambayo jina lake ni `https://malipo.example`. Malipo nayo inamwamini mtoaji yuleyule na ina ufunguo uleule wa wazi, hivyo saini inapita. Mtoaji analingana. Muda bado. Lakini kwenye `aud` inakuta jina la daftari, si lake. Waraka tulioutaja haukuacha nafasi ya huruma hapa: tamko la `aud` likiwapo, na huduma inayoipokea tokeni isijikute ndani yake, ni lazima tokeni ikataliwe. Jibu linalorudi ni hili:

```
HTTP/1.1 401 Unauthorized
WWW-Authenticate: Bearer error="invalid_token"
```

Msomaji atambue jambo moja katika jibu hilo. Maneno `invalid_token` hutumika vilevile kwa tokeni iliyokwisha muda, iliyofutwa, iliyoharibika, au iliyoandikiwa mwingine. Yaani sababu nne zilizo mbalimbali zimevikwa kanzu moja. Ndiyo maana mtu wa kwanza kuona jibu hili hudhani kwamba muda umekwisha, anaomba tokeni mpya, naye anapewa mpya yenye `aud` ileile, inakataliwa tena. Kujirudia huko ndiko dalili nzuri kuliko zote. Tokeni iliyotolewa dakika hii, ikapokelewa na huduma moja na kukataliwa papo hapo na nyingine, haiwezi kuwa na kosa la muda isipokuwa saa za kompyuta zinatofautiana sana. Na aghalabu kosa ni la mtoaji au la anayepelekewa. Iwapo jibu lingekuwa na namba 403, hapo ingekuwa ni habari nyingine: tokeni imekubaliwa, ila mwenyewe hana ruhusa ya tendo analolitaka. Yule ofisa wa Bariadi alihangaikia hili la 403 ilhali lake lilikuwa la 401.

Wapo watakaouliza: kama saini ni ya kweli na mtu ni yuleyule, kwa nini huduma ya malipo isiwe na ungwana ikaipokea tu? Swali hili tuliulizwa na mtaalamu mmoja wa mitambo, kijana hodari, aliyekuwa tayari kuzima ukaguzi wa `aud` ili kazi iendelee. Kuuzima ni jambo la mstari mmoja katika mipangilio, nayo malalamiko yangekoma siku hiyohiyo. Hatari yake hujitokeza pale mtu anapokumbuka kwamba tokeni, ikishafikishwa kwenye daftari, imo mikononi mwa daftari. Hakuna kinachomzuia anayeendesha daftari, au mwizi aliyelivunja, kuichukua tokeni ya ofisa na kuipeleka mwenyewe kwenye malipo kabla muda haujaisha. Malipo isipouliza "uliandikiwa nani?" itamwona ofisa halali mwenye saini halali, nayo itatoa fedha kwa jina lake. Huduma dhaifu kuliko zote katika mkoa ingekuwa mlango wa kuingilia zote zilizobaki. Kwa hiyo lile kataa lililomkera ofisa wetu ndilo lililokuwa likimlinda, na kosa lilikuwa la waliounganisha huduma mbili bila kupanga namna ya kuomba tokeni kwa kila mojawapo.

Dawa iliyo safi ni kwamba kompyuta ya mtumiaji, inapotaka kwenda kwenye malipo, iombe kwa huduma ya idhini tokeni ya pili iliyoandikiwa malipo. Mtumiaji hahitaji kuandika nywila upya; hata hatajua kwamba ombi limefanyika. Namna ya kuitaja huduma inayokusudiwa wakati wa kuomba ilielezwa katika RFC 8707 ya Februari 2020. Njia nyingine ni kuandika majina mawili kwenye `aud`, maana tamko hilo laweza kubeba orodha. Njia hii hufanya kazi, lakini inarudisha sehemu ya hatari tuliyoitaja, kwa kuwa tokeni ya waandikiwa wawili inaweza kuchukuliwa na mmoja na kupelekwa kwa mwenziwe. Sisi tusingeipendekeza pale ambapo huduma mojawapo inashika fedha.

Upande wa mtoaji una visa vyake, na hapa historia ya mkoa wenyewe inatusaidia. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Busega ilikuwa chini ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Tuchukulie ofisi ya Bariadi ambayo kabati lake bado lina karatasi zenye kichwa cha "Mkoa wa Shinyanga". Ofisi ni ileile, ofisa ni yuleyule, pengine hata saini ni ileile. Lakini barua ikiandikwa leo kwenye karatasi hizo na kumfikia karani mwenye orodha ya mikoa ya sasa, ataikataa, kwa sababu jina la mtoaji halimo katika orodha yake kwa Bariadi. Binadamu huweza kupiga simu na kuuliza. Kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi, basi.

Na ikilinganisha herufi kwa herufi, hata kijistari huhesabiwa. Majina haya mawili msomaji atayaona kuwa ni kitu kimoja:

```
https://idhini.example/simiyu
https://idhini.example/simiyu/
```

Kwa huduma inayokagua, hao ni watoaji wawili wasiojuana. Kanuni inataka maandishi yalinganishwe kama yalivyo, herufi kubwa na ndogo zikitofautishwa, bila kusafishwa wala kusawazishwa. Kijistari kile cha mwisho kimewakosesha usingizi watu wengi kuliko wezi. Kisa kingine kinachofanana nacho hutokea pale huduma ya idhini inapofikiwa kwa anwani mbili, moja ya ndani ya ofisi na nyingine ya nje, nayo ikawa inaandika katika `iss` anwani ile iliyofikiwa. Mtu akiingia kutoka ndani anapata tokeni yenye jina la ndani; akiingia kutoka nje, jina la nje. Huduma moja imefundishwa jina la ndani, nyingine la nje. Matokeo yake ni kichekesho: ofisa akiwa ofisini hufanikiwa huku na kushindwa kule, akiwa nyumbani mambo yanageuka kinyume. Hapo dawa ni kuchagua jina moja, kulifunga katika mipangilio ya mtoaji, na kuzifundisha huduma zote jina hilohilo pamoja na kijistari chake au bila kijistari.

Namna ya kubaini ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sehemu ya kati ya tokeni ya aina hii, kama haikufichwa kwa fumbo zaidi, imegeuzwa tu umbo ili isafiri salama, na mtaalamu huifunua mara moja. Aandike kwenye karatasi maneno ya `iss` na `aud` kama yalivyo, kisha afungue mipangilio ya huduma inayokataa na kuandika chini yake majina inayoyatarajia. Mistari minne, macho mawili. Angalizo ni kwamba tokeni hai isinakiliwe kwenye vyombo vya watu tusiowajua ili kufunuliwa, kwa sababu anayeishika ndiye anayeweza kuitumia; na kwamba kuisoma si kuithibitisha, maana matamko yoyote yaweza kuandikwa na yeyote, na ni saini pekee inayoyapa uzito.

Turudi sasa kwenye maneno, ambayo ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Kwa `aud` tumeliacha neno hadhira. Lilichaguliwa kwa kufuata sura ya neno la kigeni badala ya kazi yake. Wajumbe wenzetu walitujia na "mlengwa", neno zuri lenye mizizi. Tatizo ni kwamba mlengwa, katika vijiji vya Simiyu kama kwingineko nchini, amekwisha kuwa mtu wa kaya inayopokea ruzuku ya TASAF. Katika huduma ya malipo, ujumbe usemao "mlengwa si sahihi" ungezua balaa kubwa kuliko lile la kwanza. Tunapendekeza "mwandikiwa". Ni neno la kawaida la barua, kila karani analijua, linazaa wingi wake bila taabu, na linabeba wazo kwamba jina lake limeandikwa ndani ya kitu chenyewe. Watakaosema kwamba mwandikiwa ni lazima awe mtu, tunawakumbusha kwamba tumekwisha kuandikia wizara, benki na mabaraza barua nyingi bila wao kulalamika.

Kwa `iss` neno mtoaji linafaa, ila lisiachwe peke yake. "Mtoa huduma" na "mtoaji" vikikaa katika sentensi moja, msomaji atavichanganya, nasi tumeshuhudia rasimu iliyosema "mtoaji hajakubaliwa" ikasomwa kwamba huduma ya malipo imefungiwa. Iandikwe "mtoaji wa tokeni", kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Kuhusu neno la jumla la mistari hii tuligawanyika. Upande mmoja ulitaka "dai", kwa hoja kwamba linaeleza vema jambo linalosemwa lakini bado halijathibitishwa, na hoja hiyo ina nguvu. Upande wa pili, ambao mwishowe ulishinda, uliuliza tu orodha ya madai itaonekanaje katika mfumo ambamo wakulima wa pamba wana madai ya kweli ya fedha zao. Likapita "tamko". Nayo tokeni tumeiacha ibaki tokeni: watu waliipokea kwa njia ya mita, na baraza halina sababu ya kuwanyang'anya.

Ile taarifa ya maneno mawili sasa imegawanywa. Katika kumbukumbu za mtambo, anakosoma mtaalamu, itaandikwa hivi: "Mwandikiwa hakulingana. Ilitarajiwa: https://malipo.example. Imekutwa: https://daftari.example." Mtumiaji mwenyewe ataona hivi: "Tokeni iliyoletwa haikuandikiwa huduma hii. Usibadili nywila. Tafadhali mjulishe msimamizi wa mfumo." Ofisa wa Bariadi alisomewa maneno haya kwa simu. Alichouliza ni kimoja tu: kwa nini hayakuwapo tangu mwanzo.